Ndigana kali Dodoma: mwongozo kamili wa kuogesha ng'ombe bila kuzalisha kupe sugu

Malalamiko yanayorudi kila mwaka mvua zikikolea ni yale yale: "Naogesha kila wiki, ng'ombe bado anakufa kwa ndigana." Baada ya hapo mfugaji anabadilisha dawa, kisha anaibadilisha tena, na mwisho anasema kupe wamekuwa sugu. Mara nyingi kosa liko kwenye kipimo, kwenye masikio yaliyobaki makavu, au kwenye ratiba. Pale ambapo usugu upo kweli, mara nyingi ni makosa hayo matatu yaliyouzaa.

Mwongozo huu ni wa zizi la ng'ombe wachache hadi makumi, wanaoogeshwa kwa bomba la mgongoni, yaani solo. Kwa wanaotumia josho la kijiji kuna sehemu yao fupi mbele.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Solo ya lita 20 isiyovuja, yenye pua inayotoa mnyunyizo mpana.
- Kikombe cha kupimia chenye alama za mililita, au bomba la sindano la mililita 50 lisilo na sindano. Kifuniko cha chupa ya dawa si kipimo.
- Dawa ya kuogesha yenye lebo inayosomeka: jina la kiini cha dawa, nguvu yake kwa asilimia, na tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Maji safi. Maji ya lambo yenye tope yachujwe kwa kitambaa, kwa sababu tope hunasa dawa na huziba pua ya bomba.
- Glavu za mpira, buti na kitambaa cha kufunika pua na mdomo.
- Uchochoro wa kukamatia ng'ombe, hata wa miti. Ng'ombe anayezungukazunguka zizini haogeshwi, analowanishwa mgongo tu.
- Bomba dogo la mkononi au sponji kwa ajili ya masikio.
- Daftari na kalenda.

Angalizo kwa zizi lenye punda: dawa ya amitrazi isimguse punda wala farasi. Inaweza kuusimamisha utumbo wake akafa. Punda afungwe mbali na sehemu ya kuogeshea, na asinywe maji yaliyotuama hapo.

## Mjue kupe unayemwinda

Ndigana kali husababishwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva. Hakienezwi na kila kupe. Anayekibeba huku kwetu ni kupe wa kahawia wa masikio. Akiwa mkubwa na hajanyonya, anakaribia ukubwa wa punje ya mtama. Ukigeuza sikio la ng'ombe mwezi wa Februari utawaona wamejipanga ndani, kwenye kingo na kwenye mikunjo karibu na shina la sikio, vichwa vimezama kwenye ngozi. Jike aliyeshiba anavimba na kuwa na rangi ya kijivu, mnene kama punje ya hindi.

Kupe huyu hupanda mnyama mara tatu maishani mwake. Akiwa lava, mdogo kama chembe ya ugoro, hunyonya siku kadhaa kisha huanguka na kujibadilisha majanini. Hupanda tena akiwa mdogo wa kati, kama mbegu ya ufuta, hunyonya na kuanguka tena. Mara ya tatu hupanda akiwa mkubwa. Lava huanguliwa akiwa safi, kwa kuwa mama kupe hamwachii mtoto ndigana kupitia yai. Anaipata kwa kumnyonya ng'ombe mwenye kijidudu, kisha anaipeleka kwa ng'ombe mwingine atakapopanda katika hatua inayofuata.

Kwa Dodoma yenye msimu mmoja wa mvua, kupe wakubwa huja na mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Lava hufuata mvua zinapoishia na kuingia kipupwe, na wale wa kati huonekana zaidi katikati ya kiangazi. Hatari kubwa iko wakati wa kupe wakubwa, lakini kiangazi si salama moja kwa moja: wa kati nao huambukiza.

Mwenzake wa kumkumbuka ni kupe bluu. Huyu hubeba ugonjwa wa kukojoa damu na ndigana baridi. Hupanda ng'ombe mmoja akiwa lava na kumaliza ukuaji wake wote hapo hapo, kwa wiki tatu hivi, na kwa mwaka hutoa vizazi kadhaa. Usimsahau. Ndiye anayefanya ratiba ya kuogesha iwe na hesabu ngumu.

## Kwa nini siku saba

Kijidudu cha ndigana hukaa kimelala kwenye tezi za mate za kupe. Kupe akianza kunyonya, kijidudu huamka na kukomaa, na kwa kawaida huchukua siku tatu hadi nne kabla hakijaweza kumwambukiza ng'ombe. Kupe aliyeng'ata jana, akiuawa leo, kwa kawaida anakufa kabla hajaacha kitu.

Sasa tazama upande wa dawa. Amitrazi hubaki na nguvu kwenye manyoya kwa siku tatu hivi, zaidi kidogo kukiwa kukavu. Ukiogesha Jumatatu, kupe atakayepanda hadi Alhamisi anakutana na dawa. Anayepanda Ijumaa anakuta manyoya yameisha dawa na anaanza kunyonya. Ukiogesha tena Jumatatu inayofuata, unamkuta kwenye siku yake ya tatu, kijidudu kikiwa ndiyo kwanza kinaelekea kukomaa. Siku tatu za dawa ukijumlisha na siku tatu hadi nne za kijidudu unapata wiki moja.

Ukisogeza hadi siku kumi kwa dawa ya muda mfupi, kupe wa Ijumaa anakuwa amenyonya siku sita. Amekwisha ambukiza, na kumuua hakumsaidii tena huyo ng'ombe. Ndiyo maana mtu anaona kupe wanaanguka wamekufa na ng'ombe anaugua.

Hesabu hii ina mpaka wake. Joto kali huharakisha kukomaa kwa kijidudu hata kupe akiwa bado majanini, kwa hiyo hakuna ratiba inayozuia ndigana kwa asilimia mia. Na dawa za kundi la pairethroidi, ambazo majina yake kwenye lebo huishia kwa herufi t-h-r-i-n, baadhi hukaa muda mrefu zaidi kwenye manyoya. Fuata muda ulioandikwa kwenye lebo, mradi kupe wa kwenu bado wanakufa kwa dawa hiyo.

## Tatizo la kuogesha mwili mzima kila wiki mwaka mzima

Kama siku saba zinafanya kazi, kwa nini tusiogeshe wiki zote 52? Gharama ni sababu moja, na tutaihesabu. Sababu ya pili ni kupe bluu.

Kupe wa masikio anaishi sehemu kubwa ya maisha yake majanini. Ukiogesha leo, wengi wa ndugu zake wako nje, hawajaguswa na dawa. Wakipanda na kuzaa, wanachanganya damu na wale wachache walionusurika, na usugu unakawia.

Kupe bluu hana maficho hayo. Katika wiki zake tatu juu ya ng'ombe, ratiba ya kila wiki inamkuta karibu mara tatu. Wanaobaki kuzaa ni wale tu wenye uwezo wa kuvumilia dawa, na kizazi kinachofuata kinatokana na hao. Kwa hiyo unaweza kumdhibiti vizuri kupe wa masikio kwa ratiba ambayo, bila kukusudia, inamtengeneza kupe bluu sugu. Dawa hiyo ikishindwa kwa kupe bluu, umepoteza kundi zima la dawa, na kuna makundi machache tu ya kukimbilia.

Njia ya kutoka hapo inatokana na mahali kila mmoja anapokaa. Wa masikio yuko masikioni, kichwani na shingoni. Bluu yuko zaidi tumboni, ubavuni, mabegani na kwenye ngozi inayoning'inia kidarini. Unaweza kushambulia masikio kila wiki na kuuacha mwili mzima kwa vipindi virefu zaidi. Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya hilo.

## Hatua ya 1: Hesabu maji kabla ya dawa

Anza na maji, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Ng'ombe mzima anahitaji lita 5 hadi 10 za maji yenye dawa ili alowane hadi kwenye ngozi. Kwa zebu wetu wa Kigogo lita 8 ni wastani mzuri. Ndama lita 3.

Chukua zizi la ng'ombe 12: wakubwa 10 na ndama 2. Wakubwa ni lita 80, ndama ni lita 6, jumla lita 86. Hizo ni solo nne za lita 20 na lita 6 juu yake. Anayeogesha ng'ombe hao 12 kwa solo moja anampa kila mmoja chini ya lita 2. Manyoya ya juu yanang'aa kwa unyevu, na chini yake ngozi ni kavu.

Kiangazi maji yakiwa ya kununua kwa dumu, mtu anashawishika kupunguza lita kwa kila ng'ombe. Usifanye hivyo. Ni heri kuogesha mara chache kwa kipimo kamili kuliko kila wiki kwa kipimo pungufu. Kipimo pungufu kinaua kupe dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazae.

## Hatua ya 2: Changanya kwa kipimo cha lebo

Amitrazi ya asilimia 12.5, ambayo ni ya kawaida madukani, huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji. Solo ya lita 20 inachukua mililita 40, na lita zetu 86 zinahitaji mililita 172. Dawa nyingine zina vipimo vyake. Alfasaipemethrini ya asilimia 10, kwa mfano, huhitaji dawa pungufu kuliko amitrazi kwa lita hiyo hiyo. Usihamishe kipimo cha dawa moja kwenda nyingine kwa sababu tu chupa zinafanana. Lebo ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Weka maji nusu solo, mimina dawa iliyopimwa, koroga kwa mti safi, kisha jaza maji hadi alama ya lita 20. Mchanganyiko sahihi wa dawa hizi za mafuta huwa mweupe kama maziwa yaliyozimuliwa kwa maji. Ukiona mafuta yanaelea juu au mabonge yanatua chini, dawa imeharibika au maji hayafai. Usiitumie.

Tumia siku hiyo hiyo. Mchanganyiko wa amitrazi uliolala hupoteza nguvu, hasa maji yakiwa na asidi.

Usichanganye dawa mbili za kuogesha kwa kubahatisha, na usiweke dawa ya shambani, ya pamba au ya alizeti, kwenye ng'ombe. Inaweza kumuua mnyama, na mabaki yake yanaingia kwenye maziwa.

## Hatua ya 3: Ogesha mwili mzima kwa mpangilio

Ogesha asubuhi, ng'ombe wakiwa wamekunywa maji. Ng'ombe mwenye kiu hulamba dawa. Usiogeshe mvua ikiwa imetanda, maana ikinyesha kabla manyoya hayajakauka umepoteza siku na dawa. Wanaokamuliwa wakamuliwe kwanza, na kabla ya kukamua tena osha kiwele vizuri. Siku za kutotumia maziwa au nyama ziko kwenye lebo, na hutofautiana kutoka dawa hadi dawa.

Anza mgongoni ukishuka ubavuni, ukinyunyiza kinyume na ulalo wa manyoya ili dawa ifike kwenye ngozi. Kisha pita sehemu ambazo watu huziruka: kwapa, kinena, nyuma ya kiwele au korodani, chini ya mkia na kuzunguka mkundu, katikati ya kwato, na ncha ya mkia yenye nywele nyingi. Chini ya mkia hukaa kupe wa miguu myekundu, na kwenye kiwele na kinena hukaa yule mkubwa mwenye madoadoa anayeleta ugonjwa wa maji moyo na kuharibu chuchu.

Dalili ya mafanikio: dawa inachuruzika kutoka tumboni na kidarini, na ukipekua manyoya ya ubavuni kwa vidole ngozi imelowa.

## Hatua ya 4: Masikio, kwa mkono

Hapa ndipo ng'ombe anapookolewa au anapopotezwa kuhusu ndigana kali. Shika sikio kwa mkono wa kushoto, ligeuze tundu likutazame, pua ya bomba iwe umbali wa shubiri moja. Nyunyiza upande wa ndani ukianzia kwenye ncha kuelekea kwenye shina, hadi uone matone yanateremka kwenye mikunjo ya ndani. Usisukume dawa kwa nguvu ndani ya tundu lenyewe. Lowanisha pia nyuma ya sikio, kuzunguka pembe, chini ya taya na shingo. Epuka macho.

Nusu lita inatosha kwa kichwa, masikio na shingo ya ng'ombe mmoja. Nguvu ya mchanganyiko ni ile ile ya mililita 2 kwa lita kwa amitrazi ya asilimia 12.5. Kutumia maji kidogo si sababu ya kuzimua dawa. Ng'ombe mkali apakwe kwa sponji, mpakaji akiwa na glavu.

Baada ya siku moja au mbili geuza masikio ya ng'ombe watano. Kupe waliobaki wawe wamekauka, wananing'inia, au wameanguka kabisa. Ukikuta majike yaliyoshiba yanachezesha miguu, nenda Hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Chagua ratiba kulingana na ng'ombe ulionao

Zebu aliyezaliwa na kukulia mahali penye kupe wa masikio mara nyingi alikutana na kijidudu akiwa ndama na akajijengea kinga. Chotara wa maziwa, au ng'ombe aliyetoka mahali pasipo na ndigana, hana hiyo. Na Dodoma ina tatizo lake: miaka ya ukame kupe huwa wachache, ndama wanakua bila kukutana na ugonjwa, kisha unakuja mwaka wa mvua nzuri na unaua hata zebu wakubwa. Usihesabu kwamba zebu wako wote wana kinga.

Hesabu zifuatazo ni za lile zizi la ng'ombe 12. Bei ya dawa tumeiweka shilingi 40,000 kwa lita kwa mfano tu. Weka bei ya duka lako. Kuogesha mwili mzima mara moja ni mililita 172, yaani shilingi 6,880. Kupaka masikio tu ni lita 6 za maji na mililita 12 za dawa, yaani shilingi 480.

Ratiba ya kwanza: mwili mzima kila wiki, mwaka mzima. Mara 52, shilingi 357,760. Inazuia ndigana, lakini ndiyo inayomkomaza kupe bluu haraka kuliko zote. Siishauri, isipokuwa kwa muda mfupi pale ugonjwa umelipuka.

Ratiba ya pili: chotara wasiochanjwa. Desemba hadi Mei, mwili mzima kila wiki, mara 26. Juni hadi Novemba, mwili mzima kila baada ya wiki mbili, mara 13, na kwenye wiki za katikati masikio tu, mara 13. Jumla shilingi 274,560. Umeokoa shilingi 83,200 na, muhimu zaidi, umempa kupe bluu nusu mwaka wa kupumua.

Ratiba ya tatu: waliochanjwa, au zebu wa eneo hilo hilo wanaofahamika wamepita mikononi mwa kupe tangu udogoni. Msimu wa mvua, mwili mzima kila wiki mbili na masikio katikati. Kiangazi, mwili mzima mara moja kwa mwezi na masikio wiki zilizobaki. Hiyo ni mwili mzima mara 19 na masikio mara 33, jumla shilingi 146,560. Mwezi ambao ukikagua ng'ombe watano huoni kupe, ruka mwili mzima.

Usihame ghafla kutoka ratiba ya kwanza kwenda ya tatu. Ng'ombe walioogeshwa kila wiki kwa miaka hawajakutana na kijidudu na hawana kinga. Ukilegeza bila kuwachanja, msimu wa mvua utawafagia. Wanaolazimika kulegeza kwa kukosa fedha waanze kulegeza kiangazi, na masikio yasikose hata wiki moja.

### Chanjo ndiyo inayofungua ratiba ya tatu

Chanjo ya ndigana kali ni ya aina yake. Ng'ombe hupewa kijidudu hai chenyewe, mililita moja chini ya ngozi karibu na shina la sikio, na papo hapo anachomwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu kwa kipimo cha uzito wake ili ugonjwa usikolee. Huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, na ikishayeyushwa lazima itumike ndani ya saa chache. Kwa hiyo haiwezi kununuliwa na kuwekwa kwenye friji ya nyumbani. Inachomwa na mtaalamu aliyefunzwa, na mara nyingi wafugaji hukusanya ng'ombe pamoja kwa kuwa kifurushi kimoja kina dozi nyingi. Mara moja inatosha kwa maisha.

Baada ya chanjo endelea na ratiba ya zamani kwa wiki tano, kinga ijijenge. Tukiweka shilingi 20,000 kwa ng'ombe kwa mfano, ng'ombe 12 ni 240,000. Ukilinganisha na ratiba ya kwanza, unaokoa 211,200 kwa mwaka, hivyo fedha ya chanjo inarudi kwa miezi kama 14. Baada ya hapo unachanja ndama wapya tu.

Chanjo hii inazuia ndigana kali pekee. Ndigana baridi, kukojoa damu na maji moyo viko pale pale, na ndiyo sababu ratiba ya tatu bado ina mwili mzima ndani yake.

### Kipimo cha mkono kila wiki

Siku ya kupaka masikio, papasa tezi iliyo chini ya sikio na ile ya mbele ya bega. Tezi iliyovimba ngumu kama yai, pamoja na joto la digrii 40 au zaidi, macho yenye machozi na ng'ombe anayebaki nyuma ya kundi, ni ndigana kali hadi ithibitike vinginevyo. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Dawa ya buparvakwoni huponya vizuri ikiwahi. Ikisubiri hadi ng'ombe anahema kwa shida na povu liko puani, wengi hawarudi. Oksitetrasaiklini peke yake haimponyi aliyekwisha kuugua.

## Hatua ya 6: Wanaotumia josho la kijiji

Josho lina faida ya kulowanisha mnyama mzima kwa sekunde chache. Udhaifu wake hauonekani kwa macho. Kila ng'ombe anaondoka na sehemu kubwa zaidi ya dawa kuliko ya maji, hivyo nguvu ya josho hushuka hata pale kina cha maji kinapoonekana kizuri. Kuongeza maji bila kuongeza dawa kwa kipimo ni kuwalea kupe sugu wa kijiji kizima.

Muulize msimamizi: mara ya mwisho maji na dawa viliongezwa kiasi gani, na viliandikwa wapi? Sampuli ilipimwa lini? Dawa iliyotua chini inakorogwaje? Utaratibu unaofaa ni kuwapitisha ng'ombe wa kwanza kama kumi ili wakoroge, kisha kuwarudisha wapite tena. Ng'ombe wapumzike na kunywa maji kabla ya kuingia.

Na usiogeshe joshoni Jumatatu kwa amitrazi, kisha nyumbani Alhamisi kwa dawa ya kundi jingine. Kupe wanaonja makundi yote mawili kwa wakati mmoja, na utayapoteza yote.

## Hatua ya 7: Dawa ikionekana kushindwa

Kabla ya kusema usugu, rudia kuogesha ng'ombe watano tu kwa uangalifu wote: chupa mpya kutoka duka linaloaminika, kipimo kwa kikombe, lita 8 kwa kila mmoja, siku isiyo na mvua. Wape alama. Hesabu kupe upande mmoja wa mwili na sikio moja kabla ya kuogesha, kisha baada ya saa 24 na saa 72. Watenge wasiende malishoni siku hizo ikiwezekana, ili usiwahesabu kupe wapya.

Wakifa karibu wote, tatizo lilikuwa kipimo, maji, au chupa ya zamani. Wakibaki wengi wakiwa hai, angalia ni kupe gani. Wakiwa bluu tu, na wa masikio wamekufa, hiyo ndiyo picha ya kawaida ya usugu unaoanza. Badilisha kundi la dawa kwa mwili mzima.

Kubadilisha kundi si kubadilisha jina la chupa. Madukani kuna majina mengi ya biashara yenye kiini kimoja ndani. Ukiacha alfasaipemethrini na kununua deltamethrini, umebaki ndani ya pairethroidi, na kupe aliyeizoea moja kwa kawaida ameizoea nyingine. Toka pairethroidi uende amitrazi, au kinyume chake. Ukishabadilisha, kaa na kundi hilo msimu mzima. Kuzungusha makundi wiki kwa wiki hakumpumzishi kupe, kunamfunza yote.

Ng'ombe wa mnadani ni mlango mwingine wa usugu. Anayenunuliwa Msalato au mnada wowote aogeshwe mwili mzima kwa kipimo kamili kabla hajaingia zizini, atengwe wiki mbili na kuogeshwa kila wiki, akikaguliwa masikio na tumbo. Kupe bluu wadogo anaokuja nao huenda walikwisha zoea dawa ya kwao.

Ili kujua kwa hakika, kusanya majike yaliyoshiba, angalau 20, kutoka kwa ng'ombe watatu au zaidi ambao hawajaogeshwa karibuni. Ng'oa taratibu ukivuta wima, usimpasue. Watie wakiwa hai kwenye kopo lenye kifuniko kilichotobolewa matundu madogo, ndani kipande cha karatasi chenye unyevu kidogo. Usiweke spiriti, maana maabara inahitaji watage mayai ili lava ndio wajaribiwe kwa dawa. Kaa nao kivulini, andika kijiji, tarehe na majina ya dawa zilizotumika miaka miwili iliyopita, kisha mpe afisa mifugo wa kata au peleka kituo cha TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, hapa Dodoma siku hiyo hiyo au kesho yake. Wakipita siku kadhaa ndani ya gari lenye jua, watakufa na jibu halitapatikana.